Chupa mbili zilizoharibu mzigo wa mjomba

Kila nikija likizo Mtwara naulizwa: huko Ujerumani wanafanyaje hata miji yao haina chupa mitaroni? Watu hudhani wenzetu wamezaliwa wasafi. Nimekaa nao miaka ya kutosha kusema si hivyo. Chupa nyingi za maji na soda zinazotumika mara moja tu huuzwa kwa nyongeza ya senti 25 za yuro. Ukiirudisha tupu dukani, mashine inaisoma, inaimeza na unarudishiwa hela yako. Faida kubwa ya utaratibu huo wengi hawaioni: chupa ya kinywaji inakutana na chupa za kinywaji wenzake, haichanganyiki na plastiki nyingine. Kwenye mfuko wa njano wa taka za vifungashio, ambamo kila plastiki hutupwa pamoja, mambo si mazuri hivyo. Sehemu kubwa ya vilivyomo huishia kuchomwa.

Hasara ya mchanganyiko kama huo niliielewa kwa mjomba wangu, anayenunua chupa kwa kilo kule Mikindani. Alijaza gari, akasafirisha zaidi ya kilomita 500 hadi Dar. Mnunuzi akafungua gunia moja, akapekua, akachomoa chupa mbili za shampuu, angavu zinazoonyesha ndani, akakata bei ya mzigo mzima. Mjomba aliamini ameonewa. Nami nilikasirika naye, mpaka nilipojua chupa zile ni za nini.

Chupa ya maji ni plastiki iitwayo PET, ile yenye namba 1 ndani ya pembetatu. Zile za shampuu zilikuwa PVC, namba 3. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Kiwandani chupa husagwa kuwa chenga, zikaoshwa na kumwagwa majini. Vizibo, ambavyo ni plastiki nyepesi kuliko maji, huelea na kuenguliwa. PET huzama. Kwa bahati mbaya PVC nayo huzama, maana uzito wake unakaribiana mno na wa PET. Kwa hiyo maji yanayotenganisha kizibo na chupa hayawezi kutenganisha hizi mbili.

Balaa linaanza kwenye moto. PET huyeyuka kwenye nyuzi 250 hadi 260 hivi. Kabla ya kufika huko PVC imeshaanza kuoza kwa joto: inatoa asidi ya hidrokloriki na kubaki vijipande vyeusi vilivyoungua. Asidi ile inakatakata minyororo mirefu ya PET, ambayo ndiyo nguvu yake. Plastiki inatoka ya manjano, ina madoa meusi, na ukiivuta iwe uzi, unakatika. Ukipunguza moto ili kuinusuru PVC, PET haiyeyuki. Hakuna joto la kuzipatanisha.

Na kinachotosha kuharibu ni kidogo mno. Viwanda makini huogopa hata gramu 50 za PVC ndani ya tani moja ya PET. Nilimpigia mjomba hesabu chini ya mkorosho. Chupa ya maji tuseme ina gramu 20, basi tani ni chupa 50,000. Ya shampuu tuseme ina gramu 25. Mbili tu, na kikomo kimefikiwa. Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe yule bwana hakuniibia, mwanangu."

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka tuletewe mapipa ya rangi kama ya Ulaya, ambamo plastiki za kila aina huingia pamoja. Kuchambua baada ya kuchanganya ni kazi ya mashine za gharama, na hata hizo zinakosea. Plastiki nyeusi nyingi hazionekani kabisa kwa mwanga wa kukagulia wa mashine hizo. Sisi tuna mikono ya waokotaji, inayoshika kila chupa moja moja kabla haijasagwa. Wanalipwa bei moja kwa kilo, safi au mchanganyiko. Wachambue kwa faida gani? Ile senti 25 ya Wajerumani ingefaa kuigwa hapo: chupa iliyochambuliwa iwe na bei yake.

Mjomba ameanza. Vijana wake wanageuza kila chupa kitako juu. PET ya kinywaji ina kidoti katikati ya kitako, mahali plastiki ilipoingilia kwenye kalibu. Yenye mstari wa kiungo ukikatiza kitako haikutengenezwa hivyo, inawekwa kando. Zile za mstari zenye rangi ya maziwa huwa ni namba 2, jamaa ya madumu, nazo zina wanunuzi. Zile angavu zenye mstari, zinazoshukiwa kuwa PVC, ziko kwenye gunia lao nyuma ya banda. Mpaka naondoka, gunia lilikuwa limefika nusu, na hakuna aliyekuja kuliulizia.