Hii ni ya Ngapi, na Zimebaki Ngapi?

Anayeandika mfululizo wa posti za picha huwa na dhana moja isiyo na msingi: kwamba msomaji ataanzia alipoanzia yeye. Hilo hutokea mara chache sana. Ukurasa wa Instagram unatanguliza posti mpya, kwa hiyo anayefika leo anakutana na sehemu ya mwisho, na ya kwanza iko chini kabisa. Status ya WhatsApp inafutika baada ya saa 24, basi aliyekuwa safarini jana amekosa mwanzo. Halafu kuna huyu anayepiga skrinshoti ya slaidi moja iliyompendeza na kuirusha kwenye grupu la ukoo, bila maelezo, bila jina la aliyeiandika. Kila slaidi inapaswa kutengenezwa kwa ajili ya huyu wa mwisho.

Nitatoa mfano wa hapa hapa Lamu. Kuna kijana wa mtaa wa Mkomani anayetembeza wageni, na alikuwa akitoa mfululizo wa picha kuhusu nyumba zetu za kale za mawe. Mpango wake ulikuwa mzuri kwa sababu nyumba yenyewe ina mpangilio: unatoka njiani, unafika daka la mlangoni, unaingia tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, unatokea kiwandani, yaani uani, kisha kumbi mbili ndefu, msana wa tini na msana wa yuu, na mwisho ndani, kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Kadiri unavyoingia ndivyo nyumba inavyozidi kuwa ya wenyewe. Ukiziona picha hizo shaghalabaghala, hoja yote imepotea na umebaki na kuta nzuri zilizopakwa chokaa. Akazigawa sehemu 4: daka na tekani, kiwanda, msana, ndani.

Alizipa nambari, tatizo halikuwa hilo. Kila slaidi ilikuwa na "3/4" pembeni juu kulia na "5/8" chini. Yeye alijua kwamba ya juu ni sehemu na ya chini ni slaidi. Shangazi yake aliyepokea moja Mombasa hakujua, akamwandikia: "Mwanangu, hii ya tano ama ya tatu? Na mbona ile ya nne sikuletewa?" Swali la haki kabisa. Nambari mbili zenye sura moja kwenye picha moja zinagombana, na msomaji hana namna ya kuamua. Dawa yake ni kuzitofautisha umbo: sehemu iandikwe kwa maneno na ibebe jina lake, "Sehemu ya 3: Msana", na slaidi ibaki na mkwaju wake, "5/8".

Jina hilo si pambo. Sote tumekaa kwenye khitma tukagawiwa juzuu. Zina nambari, 1 mpaka 30, lakini mtu akitaka ya mwisho anaomba Juzuu Amma, na ya kabla yake Tabaraka, kwa neno inaloanza nalo. Nambari inakwambia uko wapi katika safu, jina linakwambia umeshika nini. Slaidi iliyopotea njiani inahitaji vyote viwili, kwa sababu "Sehemu ya 3" peke yake kwa mtu ambaye hajaona ya 1 ni maneno matupu.

Kuhusu mahali pa kuandika: juu kulia pana wenyewe. Instagram yenyewe huweka hesabu yake hapo unapofungua posti ya slaidi nyingi, kisha inafifia. Ukiweka yako papo hapo zitapandana. Mimi napendelea chini kushoto, herufi ndogo, mahali pale pale kwenye kila slaidi bila kuhama. Jicho likishajua pa kutazama halitafuti tena. Usibane ukingoni pia. Picha ya pikseli 1080 kwa 1350 inapowekwa kwenye safu za ukurasa wako hukatwa kiasi cha pikseli 34 kila upande, na slaidi ya kwanza ndiyo inayoonekana pale. "Sehemu ya 3" iliyokatwa ikabaki "hemu ya 3" inaudhi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo naona watu wengi hawalifikirii mpaka liwafike. Kijana alipomaliza sehemu ya 4, watu wakamuuliza: na sabule je? Kile chumba cha wageni cha juu, ambacho ngazi zake huanzia tekani ili mgeni asipite kiwandani. Kweli alikisahau. Lakini sabule, kwa mpangilio wa nyumba, inakuja baada ya tekani, yaani katikati ya sehemu ya 1 na ya 2. Na picha zake zote zilikwisha kuandikwa "3/4", "4/4". Instagram inakuruhusu kuhariri maelezo wakati wowote, ila picha iliyokwisha kupanda huwezi kuibadilisha kwa nyingine. Posti zake 4 zikabaki zinawaambia watu kwamba safari inaishia ndani, na hakuna la zaidi.

Wapo waliomshauri aiite "Sehemu ya 1B". Sikubaliani. Aliyekwisha kusoma 1, 2, 3 na 4 anajiona amemaliza, hatarudi nyuma kutafuta B. Wengine walisema afute zote azipange upya, jambo baya zaidi, kwa sababu skrinshoti za nambari za zamani ziko tayari kwenye simu za watu, na sasa kutakuwa na sehemu ya 2 mbili. Nambari ikishatoka haibadilishwi. Ifuate utaratibu wa kutolewa, na jina liachiwe kazi ya kusema mahali. Kwa hiyo: "Sehemu ya 5: Sabule", na slaidi ya kwanza ianze, "Turudi tekani, tupande ngazi." Kisha aende kwenye maelezo ya sehemu ya 1 na ya 4 aongeze mstari mmoja wa kuielekeza.

Ndiyo maana nasema jumla ya sehemu isichorwe kwenye picha. Idadi ya slaidi ndani ya posti moja unaijua kabla ya kupandisha, hiyo iandike bila hofu. Idadi ya sehemu ni ahadi, na ahadi huwekwa panapofutika, yaani kwenye maelezo: "hii ni ya 3, zitakuwa 4 au 5." Picha ibebe "Sehemu ya 3" tu. Ya mwisho, ukiwa na hakika, iandike "Mwisho", maana msomaji asiyeona neno hilo atangoja.

Kwenye simu au kompyuta yako, mafaili nayo yape majina yenye sufuri mbele: `S3-01.png`, `S3-02.png`, mpaka `S3-10.png`. Bila sufuri, baadhi ya programu huiweka 10 kabla ya 2, na unaweza kupandisha slaidi zilizovurugika huku nambari zake zikikusuta.

Na si kila kitu kipewe nambari. Kijana huyo huyo sasa anataka kutoa picha za milango ya nakshi, mlango mmoja kila Ijumaa, na ameanza kuziandika "Sehemu ya 1", "Sehemu ya 2". Kwa nini? Mlango wa Langoni hauhitaji kuonwa kabla ya wa Mkomani. Mtu akikutana na "Sehemu ya 6" hudhani amechelewa, anapita. Milango iandikwe mtaa ulipo, basi.