Konjaki: maji ni nusu ya dozi

Wanaouza konjaki ya kupunguza uzito husifu jinsi inavyovimba tumboni na kukata njaa. Wasichosema ni kwamba haichagui mahali pa kuvimba. Ikikuta unyevu, inavimba, hata kama bado iko kwenye umio.

Ndani ya kiazi cha mmea huu wa Asia kuna nyuzinyuzi ziitwazo glukomanani. Zinaweza kunyonya maji mara 50 ya uzito wake au zaidi, zikageuka jeli nzito inayoteleza na kunata kuliko mlenda. Ndiyo maana tambi za konjaki hazina hatari hii: zimekwisha kunywa maji yake kiwandani. Hatari iko kwenye unga mkavu, hasa ukishindiliwa kuwa kidonge.

Chukua mtu anayemeza kapsuli mbili za miligramu 500 kwa funda moja la maji, kisha anajilaza. Kapsuli zinanata kwenye ukuta wa umio, ganda linayeyuka, na mate yanatosha kuanza kulainisha unga. Tabaka la nje linakuwa jeli na kugandamana, la ndani bado kavu na linaendelea kuvuta maji. Donge linakua palepale. Asidi ya tumboni haifiki huko, na mara nyingi daktari hulazimika kulitoa kwa kamera ya kuingizwa mdomoni. Australia ilipiga marufuku vidonge vya glukomanani miaka ya 1980 kwa sababu ya kuziba umio namna hii.

Umoja wa Ulaya unataja gramu 3 kwa siku, yaani gramu 1 kabla ya kila mlo kati ya mitatu, kila gramu na glasi moja au mbili za maji, tena kwa mtu mwenye uzito uliozidi anayepunguza chakula. Hata hivyo, kilo zinazopungua huwa chache. Kwa faida ndogo hivyo, kwa maoni yangu kidonge kikavu hakistahili kuuzwa kabisa. Anayeng'ang'ania atumie unga: autie kwenye glasi iliyojaa maji huku akikoroga, anywe mara moja kabla haujawa mzito, aongeze glasi ya pili, na abaki wima. Asinywe wakati wa kulala.

Mwenye shida ya kumeza au umio mwembamba asiguse kabisa. Anayetumia dawa za kisukari amwone daktari kwanza, maana sukari inaweza kushuka mno. Dawa nyingine za kunywa zimezwe saa 1 kabla ya konjaki au saa 4 baadaye, kwa sababu jeli huzinasa.

Kifua kikiuma baada ya kumeza, mate yakawa hayapiti na udenda ukatoka, usiongeze maji wala tonge la ugali la kusukuma. Maji yatalivimbisha donge au kurudi na kuingia mapafuni. Nenda hospitali saa hiyohiyo, na pakiti uibebe.