Puti 8,000 kwa siku moja: nani kanunua, nani kauza?

"Arifa imeniambia puti 8,000 zimepita leo kwenye hisa ya Marekani niliyonayo, na uwiano wa puti kwa koli umefika 1.3. Wakubwa wanajua kitu? Niuze?" — msomaji, Kisumu

Kwa sababu hiyo peke yake, usiuze. Ila siungani na wale wanaosema takwimu hizi ni upuzi mtupu, maana ushahidi unawakana.

Tuanze na ushahidi huo. Puti ni haki ya kuuza hisa kwa bei iliyokubaliwa, koli ni haki ya kuinunua, na mkataba mmoja wa Marekani kwa kawaida hubeba hisa 100. Uwiano ni idadi ya puti zilizobadilishana mikono siku hiyo, ukiigawanya kwa idadi ya koli. Mwaka 2006 watafiti Jun Pan na Allen Poteshman walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba hisa zenye uwiano mdogo zilizishinda zile zenye uwiano mkubwa kwa zaidi ya asilimia 0.4 kesho yake, na kwa zaidi ya asilimia 1 ndani ya wiki. Kwa kazi ya soko, hizo si tofauti ndogo. Wapo watu wanaojua jambo mapema, na wengine wao hupitia opsheni, yaani puti na koli hizi.

Lakini angalia walichohesabu. Hawakuchukua puti zote. Walichukua zile tu ambazo mnunuzi ndiye aliyeanzisha biashara, tena akifungua nafasi mpya, kutoka kwenye kumbukumbu ambazo mtu wa kawaida hazioni. Walipotenganisha sehemu inayoonekana na umma na ile iliyofichika, nguvu ya ishara ilitoka kwenye ile iliyofichika. Na kwenye opsheni za faharasa, yaani za soko zima badala ya hisa moja, hawakupata dalili ya watu wenye habari za ndani. Kwa hiyo mtetezi wa uwiano ana haki, ila anatetea namba ambayo simu yako haikuonyeshi.

Tuichukue arifa kama hiyo tuifungue kwa mfano wa kubuni. Hisa iko dola 80. Puti ya bei ya dola 75 imebakiza wiki tatu kuisha, mnunuzi anatoa dola 1.15, muuzaji anataka 1.25. Kwa kawaida hupita mikataba 400 kwa siku; leo imepita 8,000 kwa mkupuo, kwa bei ya 1.20. Apu inapiga kengele: dola 960,000 zimewekwa kwenye anguko!

Zimewekwa na nani? Kila puti iliyonunuliwa ina aliyeiuza, na aliyeiuza anapokea pesa akitarajia hisa isianguke. Bei ya 1.20 iko katikati kabisa, kwa hiyo haikwambii nani alikuwa na haraka. Ingekuwa 1.25, ungeweza kukisia kwamba mnunuzi ndiye aliyebisha hodi, ingekuwa 1.15, muuzaji. Hata hapo ni kukisia.

Au tuseme kweli ni mnunuzi. Puti 8,000 zinabeba hisa 800,000, ambazo kwa dola 80 ni dola milioni 64. Mfuko wenye hisa hizo ukilipa dola 960,000, umelipa asilimia 1.5 ya thamani yake ili ulale usingizi kwa wiki tatu. Mkulima wa mpunga kule Ahero akikata bima ya mafuriko hajatabiri kwamba Nyando itavunja kingo mwezi huu. Amelima, na anataka aendelee kulima. Mfuko huo huenda unaipenda hisa kuliko wewe.

Uwezekano wa tatu ndio unaowaponza wengi. Shuka mistari michache kwenye skrini: sekunde ileile, puti 8,000 za bei ya dola 70 zimepita kwa 0.40. Huenda ni mtu mmoja aliyenunua za juu akauza za chini, akalipa 0.80 badala ya 1.20, na faida yake inaishia pale hisa inapofika 70. Apu nyingi hukata biashara kama hiyo vipande na kukutumia kipande kimoja.

Wa nne ni wa kuchekesha. Safu iliyoandikwa Open Interest huonyesha mikataba ambayo bado iko hai, na husasishwa mara moja kwa siku, asubuhi ya Marekani kabla soko halijafunguliwa. Jana ilikuwa 9,000. Kesho ikiwa 17,000, nafasi mpya zimefunguliwa. Ikiwa 1,000, pande zote mbili zimefunga: aliyenunua puti zake wakati hisa iko dola 88 amevuna faida akaondoka. Anayeamini anguko ndiye aliyetoka, na wewe unaambiwa ndiye anaingia.

Kwa sisi wa huku, jibu hilo halipatikani jioni ya arifa. New York hufungua saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu, au kumi na moja na nusu majira yao ya baridi, na safu ile itakuonyesha ukweli mchana wa kesho. Anayeshindwa kungoja ananunua puti moja kwa 1.25, yaani dola 125, zaidi ya shilingi 16,000 kwa dola ya shilingi 129. Ili arudishe hela yake tu siku ya mwisho, hisa lazima iwe imeshuka hadi 73.75.

Sasa ile 1.3. Uliiona wapi? Soko la Cboe la Chicago hutoa uwiano wa hisa, wa faharasa na wa jumla. Ule wa faharasa hupita 1 mara kwa mara bila mtu kuogopa, kwa sababu mifuko mikubwa hununua kinga huko kila mara. Ule wa hisa kwa kawaida huwa chini ya 1, hivyo 1.3 huko ni jambo la kuuliza. La kuuliza, nasema. Novemba na Desemba 2022 uwiano wa hisa uliruka juu ajabu. Riba zilikuwa zimepanda, na wafanyabiashara wakubwa wakawa wanauziana kwa wingi puti zilizokwisha kuwa na thamani kubwa, wavune riba ya wenye puti waliosahau kuzitumia mapema. Hofu haikuwamo. Mwaka uliofuata S&P 500 ilipanda kwa takriban asilimia 24.

Wapo wanaoigeuza: uwiano ukiwa juu sana, woga umezidi, basi nunua. Katika mshtuko wa Machi 2020 hoja hiyo ilikuwa sahihi, kwa anayeweza kuvumilia. Tarehe 12 S&P 500 ilifunga kwa 2,480, puti zikinunuliwa kwa pupa. Sakafu ilikuja tarehe 23, kwa 2,237, karibu asilimia 10 chini zaidi. Kwa mwenye mkopo wa broka, hiyo inatosha kumfuta kabla hajathibitishwa kuwa sahihi. Namba moja inayoweza kusomwa "kimbia" na "nunua" kwa wakati mmoja, mimi naipa uzito mdogo.

Kwa hisa yako, kesho mchana angalia safu ile ya Open Interest. Ikiwa imeongezeka kwa karibu 8,000, bei iliyolipwa ilikuwa ile aliyoitaka muuzaji, na hakuna mkupuo pacha kwenye bei nyingine, basi kuna mtu kalipia kushuka kwa hisa, na hapo inafaa uangalie tarehe ya ripoti ya mapato ya kampuni. Kama mtu huyo ana hisa zenyewe mfukoni au hana, hakuna safu inayoonyesha.