Maji ya chumvi hayamtesi mtu kwa dini yake

"Bahari ikila shamba la mtu akavuka mpaka, kwa nini asiitwe mkimbizi?"

Ndugu yangu, mkataba wa wakimbizi wa 1951 unadai hofu ya kuteswa, tena kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi la kijamii au siasa. Mjomba wangu huku Tanga, minazi yake imekauka vichwa na udongo umeota ukoko mweupe wa chumvi. Akihamia Vanga, upande wa Kenya, leo, sababu hiyo haimo.

Mlango upo kwenye mkataba wa Afrika wa 1969: humtambua pia anayekimbia matukio yanayovuruga vibaya utulivu wa umma. Wasomali waliokimbilia kambi za Dadaab, Kenya, 2011 walipokelewa, maana njaa iliandamana na vita. Mwenye chumvi tupu huhesabiwa mhamiaji, na anaweza kurudishwa kwenye minazi ile ile. Inaniuma sana.