Sarafu ya utendaji haipigiwi kura na bodi

Fedha ya nchi ikiporomoka, haukosi kusikia mkurugenzi wa fedha akisema, "Mwaka huu hesabu zetu tuzifunge kwa dola." Ukimuuliza anamaanisha nini, mara nyingi utagundua amechanganya mambo mawili ambayo kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 21, kimeyatenganisha waziwazi. Kuna sarafu ya uwasilishaji, yaani ile inayoonekana kwenye kurasa za taarifa za fedha. Hiyo kampuni inaweza kuichagua, mradi sheria za nchi hazikatazi. Na kuna sarafu ya utendaji, ambayo ni sarafu ya mazingira ya kiuchumi ambako kampuni hasa inaingiza na kutumia fedha zake. Hii haichaguliwi. Inatafutwa kwenye ushahidi, na ushahidi ukishaelekea upande mmoja, bodi haina la kupigia kura.

Tuchukue hoteli moja ya kubuni. Imekopa dola 1,000,000 siku ya kwanza ya mwaka, dola moja ikiwa ni sawa na vipande 100 vya fedha ya nchi. Mwisho wa mwaka dola imefika 120. Mkopo ulioandikwa milioni 100 sasa ni milioni 120, ingawa hoteli haijakopa hata senti moja zaidi. Ikiwa sarafu ya utendaji ni fedha ya nchi, hiyo milioni 20 ni hasara, nayo inaingia moja kwa moja kwenye taarifa ya faida na hasara. Ikiwa sarafu ya utendaji ni dola, mkopo ulikuwa milioni moja na bado ni milioni moja, kwa hiyo hasara hiyo haipo. Bila shaka unaona kishawishi kilipo.

Sasa, hoteli hii ni ya upande gani? Wamiliki watakuonyesha bango la mapokezi, bei zote zimeandikwa kwa dola. Lakini kiwango hakiulizi tu bei imeandikwa kwa sarafu gani. Kinauliza pia ni ushindani na kanuni za nchi gani hasa zinazoamua bei hiyo iwe kiasi gani. Njia nzuri ninayoijua ya kulijibu hili ni kuchukua orodha za bei za mwaka mzima na kuzilinganisha na mwendo wa dola. Tuseme dola ilipokuwa 100 chumba kiliuzwa dola 60, yaani 6,000, na ilipofika 120 hoteli ikashusha bei hadi dola 50, ambayo ni 6,000 vilevile. Wateja wake wengi ni wenyeji na wapinzani wake ni hoteli za mtaa huohuo, kwa hiyo kama bei ingebaki dola 60, asingepatikana wa kulipa 7,200. Dola ya kwenye bango ni kipimo tu, bei yenyewe inatokana na soko la ndani. Ongeza mishahara, chakula na umeme, vyote vikilipwa kwa fedha ya nchi, na jibu limeshapatikana.

Na ule mkopo wa dola je? Sarafu ambayo kampuni imekopea ni kigezo, ila ni cha daraja la pili. Kinasaidia pale ambapo bei na gharama zimeshindwa kutoa jibu lililo wazi, na hakiwezi kupindua jibu lililokwisha kupatikana. Nasisitiza kwa sababu hapa ndipo hoja nyingi zinapopinda: deni ndilo linalouma, basi deni linageuzwa kuwa hoja ya kwanza. Ingekuwa hoteli hiyohiyo inajazwa na watalii wa mikataba ya dola, inashindana na hoteli za nchi nyingine, na bei ya dola 60 ikabaki palepale fedha ya nchi iliposhuka, ningekuwa wa kwanza kusema sarafu yake ya utendaji ni dola, hata kama mishahara inalipa kwa fedha ya nchi.

Wapo wanaokubali hayo yote kisha wanasema, sawa, basi tuwasilishe kwa dola, hasara itapotea yenyewe. Haipotei. Hesabu hufanywa kwanza kwa sarafu ya utendaji, halafu ndipo zinatafsiriwa. Mali na madeni hutafsiriwa kwa kiwango cha siku ya kufunga mwaka. Mapato na gharama hutafsiriwa kwa viwango vya siku za miamala, au kwa wastani kama viwango havikuyumba sana. Ile hasara ya milioni 20, kwa wastani wa 110, inakuwa kama dola 181,800. Msomaji anafungua taarifa za dola, anakuta mkopo wa dola milioni moja mwanzoni, milioni moja mwishoni, na hasara ya dola 181,800 kutokana na mkopo huohuo. Wengi wakiiona wanadhani mhasibu amekosea. Hajakosea. Upande wa pili, kwenye mapato mengine jumuishi, yaani sehemu ya taarifa iliyo nje ya faida ya mwaka, kuna faida ya tafsiri ya kiasi kilekile inayosawazisha, na jumla ya mtaji haijaguswa na mkopo huo. Lakini faida ya mwaka imeguswa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu hoteli inayokusanya fedha ya nchi imeumia kweli: itabidi iuze vyumba vingi zaidi ili kulipa deni lilelile.

Jengo nalo lina yake. Lilinunuliwa kwa milioni 150, wakati huo dola milioni 1.5. Tukiacha uchakavu pembeni, kwenye vitabu vya fedha ya nchi linabaki milioni 150, na likitafsiriwa mwisho wa mwaka ni dola milioni 1.25. Kama sarafu ya utendaji ingekuwa dola, lingebaki milioni 1.5. Anayehamia dola bila kustahili hajafuta hasara ya mkopo tu, amebakiza pia mali zikionekana nono.

Ndiyo maana masharti ya kubadilisha yako tofauti kabisa. Kubadilisha sarafu ya uwasilishaji ni kubadili sera ya uhasibu, kwa hiyo takwimu za miaka ya nyuma zinapangwa upya ili zilinganishike. Sarafu ya utendaji hubadilika tu pale ambapo miamala na mazingira yenyewe yamebadilika, na mabadiliko huhesabiwa kuanzia siku hiyo kwenda mbele, si kurudi nyuma. Kwa maoni yangu mkaguzi anayeletewa badiliko la namna hii amwombe mteja tarehe, na tukio la biashara lililotokea tarehe hiyo. Jibu likiwa ni siku dola ilipopanda, hakuna badiliko hapo.

Kuna pia wanaotegemea mpangilio wa programu ya uhasibu, eti mfumo umewekwa dola tangu mwanzo. Vitabu vinaweza kutunzwa kwa sarafu yoyote. Kama siyo ya utendaji, basi hesabu zinapimwa upya kwa ile ya utendaji kabla ya kufungwa.

Kinachonisikitisha ni maelezo yanayoambatana na hesabu. Kampuni nyingi huandika sentensi moja tu kwamba sarafu fulani ndiyo ya utendaji na ya uwasilishaji, basi. Kwa biashara inayouza na kununua kwa sarafu moja, sentensi hiyo inatosha. Kwa hoteli kama hii haitoshi. Uamuzi wenye uzito kiasi hiki kwenye faida unapaswa kuelezwa: nani anaamua bei, gharama kubwa zinalipwa kwa sarafu gani, na bei zilifanya nini fedha ya nchi iliposhuka. Aya mbili zinatosha, na mkopeshaji anayezisoma ataweza kujua kama hasara ya mkopo ipo ndani ya faida aliyoonyeshwa au imeachwa nje.