Ubeti Ukikatika, Hizo Si Mbio Nyepesi

Kuna kauli inayonikera kila ninapoisikia kwa wakimbiaji: "Kama hukuhema, hujafanya mazoezi." Mara nyingi anayeisema anakimbia mara nne kwa wiki, zote kwa kasi ile ile ya katikati, kisha anashangaa kwa nini muda wake wa kilomita 10 haupungui. Mbio nyepesi ni mbio za kupiga soga. Ukishindwa kusimulia jambo kwa sentensi nzima, wepesi umeshakutoka, hata saa ya mkononi iseme nini.

Siri iko kwenye pumzi. Kuongea ni kutoa hewa polepole, na huwezi kuongea huku unahema. Kasi ikiwa ndogo, mwili unavumilia ucheleweshaji huo. Ikipita kiwango fulani, misuli inamwaga asidi zaidi, damu inaizimua, na katika kuizimua inazalisha hewa ukaa ya ziada. Ubongo unaamuru upumue haraka ili itoke. Hapo maneno na pumzi vinagombania koo moja, na pumzi ndiyo inayoshinda. Kwa hiyo sentensi inayokatika inakueleza kinachoendelea ndani ya damu, tena bila kutobolewa kidole.

Tatizo ni jinsi watu wanavyojipima. Wanaulizwa "uko sawa?", wanajibu "niko sawa", basi wanaamini wamefaulu. Maneno mawili hata anayekimbia kwa nguvu zote anaweza kuyatema. Unahitaji maneno ya sekunde 10 hadi 15 mfululizo, na mimi sijaona kipimo kizuri kuliko ubeti wa tarbia unaoujua kwa moyo: mistari minne, kila mstari mizani 16. Subiri dakika 10 zipite, kwa sababu mwanzoni pumzi huwa bado haijaifikia kasi. Chagua sehemu tambarare. Ughani kwa sauti ya kawaida, bila kupunguza mwendo na bila kuvuta pumzi kubwa ya kujiandaa, maana hizo mbili ndizo njia za kujidanganya.

Kisha sikiliza unapovutia hewa. Ukiivuta mwishoni mwa mstari, au ukipumzika kidogo tu kwenye kina cha kati bila kuharakishwa, uko pazuri. Ukimaliza ubeti lakini moyoni unasema "ndiyo nimeweza, ila...", umefika mpakani, punguza. Ukikatika katikati ya kipande, au ukimaliza na kulazimika kutweta mara tatu nne, hizo ni mbio za kati.

Chukua mkimbiaji anayemaliza kilomita 10 kwa saa moja, yaani dakika 6 kwa kilomita. Mbio zake "nyepesi" anazikimbia kwa dakika 6 na sekunde 20. Dakika ya 12 anaghani, na kila maneno matatu anameza hewa. Anashuka hadi 6:50, anakimbia dakika tatu ili pumzi itulie, anarudia: anamaliza, lakini mstari wa nne anausukuma. Anashuka hadi 7:20, na ubeti unatoka mzima. Hiyo ndiyo kasi yake ya leo. Kesho jua likiwa kali inaweza kuwa 7:45, na aikubali. Anayeanza ambaye hata kukimbia polepole kabisa kunamkata maneno, atembee dakika moja kila baada ya tatu za kukimbia.

Anapoteza nini akibaki na 6:20? Anaifikia siku ya mazoezi makali miguu ikiwa mizito, anayafanya chini ya uwezo wake, na wiki nzima inakuwa uji mmoja usio moto wala baridi. Stephen Seiler, mtafiti aliyechunguza mazoezi ya wanamichezo wa kiwango cha juu wa michezo ya ustahimilivu, alikuta takriban asilimia 80 ya vipindi vyao ni vyepesi. Wao wenye vifua vile!

Haya, nakubali kipimo kina mipaka. Mwenye pumu au mafua atakatika mapema, na mlimani kila mtu anakatika. Saa ya mapigo ya moyo nayo ina kazi yake, ila usiipe kiwango cha juu cha mapigo kwa hesabu ya 220 ukitoa umri ukadhani umemaliza. Hesabu hiyo inaweza kukosea kwa mapigo 10 na zaidi kwa mtu mmoja. Afadhali ughani kwanza, utazame saa inasoma ngapi ubeti ukitoka mzima, uikumbuke namba hiyo.

Na mnapokimbia kikundi, msimpime anayesimulia. Huyo ana pumzi za kutosha, ndiyo maana anasimulia. Mtazameni yule wa nyuma anayeitikia "mm" na "eeh" tangu kilomita ya pili. Mpeni yeye zamu ya hadithi, na kasi inayomruhusu kuimaliza hadithi ndiyo iwe kasi ya wote.