Meseji ya kwanza haihitaji samahani tatu

Mtu mwenye haya akiandika meseji ya kwanza kwa mtu aliyekutana naye kupitia marafiki, kwa kawaida huomba radhi pale alipotakiwa kutoa taarifa. Anadhani radhi ndiyo adabu, kumbe msomaji anabaki hajui nani anamwandikia, namba yake imetoka wapi na anatakiwa kujibu nini. Kwa maoni yangu, kuirekebisha meseji ya namna hiyo ni kazi ya kutoa kila samahani na kuweka jambo la kweli mahali pake.

Tuchukue mfano. Kijana, tumwite Juma, alikaa meza moja na Neema kwenye kikao cha harusi nyumbani kwa rafiki yao Rehema, Sinza, Dar es Salaam. Walizungumza kidogo, zaidi kuhusu maandazi aliyoleta Neema. Siku mbili baadaye Juma ameandika hivi:

"Mambo. Samahani kwa usumbufu, najua uko bize na pengine hata hunikumbuki. Mimi ni yule kaka wa juzi, nimepewa namba yako. Samahani, kama hutojali naomba tufahamiane zaidi, ila kama hutaki hakuna shida kabisa, nitaelewa. Samahani tena."

Hakuna tusi humo, wala ubaya wowote. Lakini jiweke upande wa Neema. "Yule kaka wa juzi" ni yupi, wakati kikaoni walikuwepo makaka wengi? "Nimepewa namba yako" na nani? Hapa ndipo meseji inapoanza kutisha, kwa sababu kikao cha harusi huwa na kundi la WhatsApp, na namba za wanakamati wote zinaonekana humo. Dada wengi wameshachoshwa na watu wanaochomoa namba kwenye makundi kimyakimya. Juma hakufanya hivyo, ila sentensi yake haimtofautishi na waliofanya.

"Tufahamiane zaidi" nayo ni nzito kuliko anavyofikiri. Kwa Kiswahili cha mjini, maneno hayo yakitoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamke yanasomwa kama mwanzo wa kutongoza, hata kama mwandishi hakukusudia. Neema anatakiwa kukubali au kukataa jambo kubwa kabla hata hawajasalimiana vizuri. Halafu "kama hutaki hakuna shida, nitaelewa" inaonekana kumpa uhuru, lakini inamwonyesha mtu aliyekwisha kuumia. Sasa ana kazi ya kumbembeleza mtu asiyemjua. Wengi huikwepa kazi hiyo kwa kukaa kimya.

Marekebisho yanaanza kabla ya kuandika, kwa Rehema. Yeye ndiye anayewafahamu wote wawili, kwa hiyo amwulize Neema waziwazi: "Juma mliyekaa naye Jumamosi angependa kukuandikia, nimpe namba?" Neema akisema hapana, au akijibu "tutaona", mambo yaishie hapo na namba isitolewe. Akikubali, ruhusa hiyo itajwe ndani ya meseji. Kwa mtu mwenye haya inasaidia kuliko neno lolote tamu, maana haandiki tena kama mvamizi.

Kinachofuata ni kutafuta jambo moja ambalo walilizungumza kweli. Lisiwe sura yake, gauni lake au picha yake ya WhatsApp. Hapa ni maandazi: Neema alisema anakanda kwa tui la nazi badala ya maji. Kutokana na hilo litoke swali moja dogo ambalo mtu anaweza kulijibu akiwa amesimama kituo cha daladala. Na Juma awe anataka jibu kweli. Swali la kubuni hujulikana haraka, hasa mtu akijibu kwa moyo halafu asisikie tena habari za hayo maandazi.

Baada ya hapo meseji inakuwa hivi:

"Habari za jioni Neema, ni Juma, tulikaa meza moja Jumamosi kwenye kikao kwa Rehema, Sinza. Rehema amenipa namba baada ya kukuuliza, asante kwa kukubali. Nataka kujaribu maandazi yako ya nazi wikendi hii. Unakandia tui zito au jepesi?"

Jina na mahali vimewekwa mwanzoni kwa makusudi. Simu ikiwa imefungwa, arifa huonyesha maneno ya mwanzo tu, na namba ambayo haijahifadhiwa haimwambii mpokeaji kitu. Ndiyo maana sipendi ile desturi ya kutuma "Mambo" peke yake na kusubiri "poa". Ana kwa ana ni salamu nzuri, lakini kutoka namba ngeni inamlazimisha mtu kuuliza "Nani mwenzangu?", na mazungumzo yanaanza kwa mahojiano. Juma aangalie pia jina alilojiandikia WhatsApp, kwa sababu ndilo Neema ataliona kando ya namba. Likiwa ni jina la utani asilolijua mtu nje ya kijiwe chake, alibadilishe kwanza.

Salamu ifuate mtu na mahali. Kwa Waislamu wawili wa Tanga au Mombasa, "Assalaam aleikum" inakaa vizuri kuliko "Mambo". Kwa rika moja la Nairobi, "Sasa" inatosha. "Mrembo" na "dear" ziachwe kabisa.

Atume maandishi, si sauti wala simu ya ghafla. Jioni kabla ya saa tatu usiku ni wakati mzuri. Meseji ya saa sita usiku inabadilisha maana hata ikiwa na maneno yaleyale. Rasimu aiandike nje ya dirisha la Neema, maana kidole kikiteleza meseji imekwenda. WhatsApp inaruhusu kuhariri ndani ya dakika 15, lakini ukifuta meseji inabaki alama kwamba kuna kitu kimefutwa, na mwenye haya huishia kuandika maelezo marefu kuhusu kilichofutwa.

Neema akijibu "Jepesi" tu, Juma ashukuru, na wikendi aseme maandazi yalitokaje, kisha aache. Akijibu "Jepesi, ila usikande likiwa la moto. Unapikia wangapi?", hilo swali lake ndilo la kuangalia, kwa sababu amefungua mlango mwenyewe. Mazungumzo yakiendelea hivyo siku chache, mwaliko wa kwanza uwe wa watu wengi: "Jumapili mimi na Rehema na wenzetu tutakwenda Coco Beach kula mihogo, karibu ukipata nafasi." Anaweza kukataa bila kutunga sababu, na akija atamkuta mtu anayemfahamu.

Asipojibu, isitumwe "Upo?" wala "Mbona kimya?". Tiki za bluu nazo si ushahidi, kwani mtu anaweza kuzizima. Kubwa zaidi, Rehema asitumwe kuulizia, maana atamweka Neema kwenye kona mbele ya rafiki yake mwenyewe. Wakikutana kikao kijacho, Juma amsalimie kama anavyowasalimia wengine, bila kuitaja meseji.